Ganashi ya Moja kwa Moja

Ndugu zangu wawili walizaliwa siku moja, wakafanana kiasi kwamba mama yetu alikuwa akimwogesha mmoja mara mbili, mwenzake analala na jasho lake. Mimi dada yao sikuwahi kuwachanganya. Nimewabeba mgongoni wote wawili. Yule wa kwanza ukimfunga mgongoni analala papo hapo. Yule wa pili anabaki macho, anatazama juu, sijui anatazama nini, mpaka shingo inamkakamaa na mimi ndiye wa kuikanda. Mpaka leo ni vivyo hivyo. Ukiongea naye, anakutazama vizuri tu, anaitikia kwa kichwa, kumbe mwenzio hayupo.

Walipokua wakafungua duka la keki. Mbele kuna kabati la kioo na kiti changu, maana mimi ndiye niliyeuza, nikapokea oda na kugombana na wateja. Nyuma kuna jiko lenyewe: chumba cheupe, meza ya chuma katikati, friji mbili, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani ambako nguo zinaanikwa siku zote. Mchana jua linaingia kupitia zile shuka zilizoanikwa, basi jiko zima linakuwa na mwanga wa maziwa. Changanya na mvuke wa krimu na harufu ya vanila, utajiona uko ndani ya ndoto ya mtu. Nimewahi kuingia kuchukua trei nikajikuta nimesimama tu, nimesahau nilichofuata, mteja kule mbele anapiga hodi mpaka anachoka.

Mmoja alishika chokoleti, mwingine akashika krimu. Ndivyo walivyogawana tangu mwanzo, na watu mtaani wakawaita hivyo hivyo: Choko na Krimu. Choko, yule mwota ndoto, alikaa upande wa dirishani na kisu chake na mizani, anakatakata chokoleti mpaka inakuwa vipande vidogo kama punje. Krimu, mkubwa kwa dakika chache, alisimama kwenye jiko la moto na sufuria yake. Choko hakugusa sufuria ya krimu, na Krimu hakugusa kisu cha chokoleti. Nilikuwa nikiwaambia, nyinyi mtakuja kufa njaa siku mmoja wenu akiugua mafua. Wanacheka.

Ganashi ni kitu cha vitu viwili tu, chokoleti na krimu, lakini ujanja wote uko kwenye kipimo, na kipimo ni cha mizani, si cha kikombe. Wao walikipima kwa sauti. Choko anataja sehemu yake, Krimu anajibu ya kwake. Chokoleti hutajwa kwanza, daima, na atakayegeuza atoke nje.

"Mbili!" anasema Choko.

"Moja!" anajibu Krimu.

Basi hapo ujue ni vitonge vya chokoleti, chokoleti mara mbili ya krimu, ili ikipoa igande, uifinyange kwa kiganja, uigaragaze kwenye unga wa kakao. Wakisema "Tatu!" na "Mbili!", hiyo ni ya kujazia katikati ya keki: laini ya kupaka, lakini imara ya kubeba keki ya juu isiteleze. Na "Moja!" kwa "Moja!" ndiyo ya kumiminia keki nzima ing'ae, au ya michirizi, yale machozi ya chokoleti yanayoshuka kutoka juu ya keki na kusimama katikati ya ubavu. Hayo yote ni kwa chokoleti nyeusi. Nyeupe walikuwa wakiipigia "Tatu!" kwa "Moja!" hata kwa michirizi, kwa sababu, Krimu alisema, nyeupe haina mifupa. Hamna ndani ule unga wa kakao wa kuikaza, ukiiwekea krimu nyingi inakuwa uji.

Siku moja wifi yangu, mke wa Krimu, alikuja kusaidia, akapokea oda ya vitonge, akapiga kelele kule ndani, "Moja kwa mbili!" Yeye alikuwa ametanguliza krimu. Hao wawili nao kama mashine, wakafanya chokoleti moja, krimu mbili. Ikatoka supu. Wifi akataka ardhi ipasuke. Krimu wala hakukasirika. Aliitia kwenye friji mpaka ikapoa kabisa, kisha akaipiga kwa mashine ikaumuka, ikawa nyepesi kama povu, wakaijazia keki ya mtu, na yule mtu akarudi kutaka nyingine. Vitonge tulimwambia mwenye oda asubiri. Wifi hajaingia jiko lile tena mpaka leo, akitumwa anasimamia mlangoni.

Krimu hakuugua mafua. Alianguka asubihi moja akifunga kamba za viatu, akapelekwa hospitali, akarudishwa amefunikwa. Hivyo tu. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo, kila nikiieleza naona kama namrudisha tena kwenye lile gari.

Choko alirudi dukani baada ya maombolezo, akasimama upande wake wa dirishani. Alioka keki. Alipaka krimu ya siagi na sukari, akachora maua. Ganashi hakugusa. Mteja akiagiza ananiambia mimi nimjibu kwamba chokoleti haijafika, na chokoleti imejaa kabati zima mpaka inatuangukia tukifungua. Nikigomba ananitazama kwa yale macho yake ya mbali. "Itafika, Dada," anasema. Utafanya nini na mtu wa namna hiyo? Na alikuwa na tabia nyingine iliyoniuma zaidi. Alimsema kaka yake kama vile ametoka kidogo tu. "Krimu hapendi bakuli hili." "Krimu akija atasema sukari imezidi." Mara ya kwanza nilifikiri ni ulimi umeteleza. Baadaye nikaacha kumsahihisha. Nilikuwa naogopa, nikimkosoa sana, atakwenda kabisa huko anakotazama asirudi.

Mwaka ukapita, na zaidi kidogo. Ndipo binti wa Krimu, mtoto wake wa pekee, akachumbiwa. Alikuja dukani mchana mmoja, hakukaa kwenye kiti nilichompa, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni.

"Baba Mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nataka keki ya harusi. Iwe na ganashi ndani, nyeupe kwa nje, na michirizi ya chokoleti kutoka juu. Ile mliyokuwa mnafanya na Baba."

Choko akafuta meza iliyokwisha kufutwa. "Yuko fundi mzuri pale chini ya benki," akasema. "Ana mashine mpya."

"Simtaki. Ukishindwa wewe, basi harusi yangu haina keki. Watu watakula biskuti." "Baba hatakuwepo kunishika mkono, Baba Mdogo. Kitu cha mikono yake niwe nacho hata kimoja. Mikono yenyewe mliigawana."

Yule mtoto ana maneno! Nilitaka kumfokea asimlemee mwenzie, nikashindwa, maana nililokuwa nalitaka mimi ndilo alilolisema yeye. Choko alizitazama shuka za jirani zikipeperuka na kutulia.

"Sawa," akasema.

Sawa ya Choko! Nilimjua. Sawa yake inaweza kuwa ya kweli, inaweza kuwa ya mtu anayesemea usingizini. Nikamwambia bi harusi aende kwa fundi wake wa nguo, haya mengine aniachie. Nikajifunga kanga kiunoni kama naenda vitani.

Siku ya kuamkia harusi alianza na ile ya kujazia. Keki zimeshapoa, zimekatwa matabaka. Akakata chokoleti kwa kile kisu, polepole, vipande vinaanguka kwenye bakuli kama mvua ya manyunyu. Akapima gramu mia tisa. Kisha akainua uso, akatazama upande wa jiko la moto, ambako hakuna mtu.

"Tatu!" akaita.

Haki ya Mungu nywele zilinisimama. Aliita kwa sauti ileile ya siku zote, sauti ya mtu anayejua atajibiwa. Na mimi niko mlangoni na ndoo ya kudekia. Akasubiri. Nikaona uso wake unaanza kwenda, unaanza kuondoka, na mimi nikapandwa na hasira kama nini, sijui zilitoka wapi.

"Mbili basi!" nikapaza. "Mbili! Unangoja nini, mwaliko?"

Akashtuka. Akanitazama. Kisha akatabasamu kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu msiba. "Gramu mia sita, Dada," akasema. "Usiichemshe. Ikianza kutoa vipovu pembeni mwa sufuria, toa."

Basi nikaacha ndoo nikashika sufuria, mimi ambaye nimekatazwa kushika sufuria ile tangu duka lifunguliwe. Vipovu vikaja pembeni, nikatoa. Akamimina juu ya chokoleti, akaifunika na sahani, akasema tuiache ipumzike kwanza, isikorogwe mapema. Tukakaa. Mwanga ule wa maziwa, harufu ile. Nilisahau kwamba nyumbani nimeacha wageni. Nilisahau kwamba kuna kesho. Nilipomtazama, alikuwa amefumba macho, na mimi nikafumba yangu, na nakwambia kweli, kwa kitambo tulikuwa watatu mle ndani. Kisha akachukua mwiko wa mpira, akaanza kukoroga kutoka katikati, viduara vidogo, mpaka katikati kukawa na doa jeusi linalong'aa, doa likakua, likala bakuli zima. Ikapoa ikawa ya kupaka. Tukajaza keki, tukaipaka krimu ya siagi nyeupe kwa nje, tukaitia kwenye friji. Vitonge vya kupamba juu navyo vikatoka, mbili kwa moja, mimi nikijibu kwa sauti mpaka jirani akauliza tunapiga mnada wa nini.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Nilijua tumeshavuka. Kumbe mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, tulikuwa hatujafika popote.

Siku yenyewe ya harusi ikabaki kazi moja, michirizi. Mambo ya dakika chache kwa mtu mwenye akili zake. Keki iko kwenye friji, imekaza, baridi sana, na ndivyo inavyotakiwa, ili chokoleti ikishuka ubavuni igande njiani isifike kwenye sahani. Gari la kuja kuichukua limeshapiga simu kwamba linatoka. Krimu imebaki gramu mia tatu tu, chupa ya mwisho, na maduka ya jirani hayauzi krimu ya aina ile. Choko anakata chokoleti, ile kali, chungu, ya kiwango cha juu. Mimi nikaweka sufuria motoni. Mara mteja kule mbele, na si mteja wa kuagana naye kwa neno moja, ni yule mama wa mikate ambaye lazima akueleze magonjwa ya mwili mzima kabla hajachukua mkate. Nikaenda.

Nilikuwa kwenye goti la kushoto la yule mama niliposikia sauti kutoka jikoni.

"Moja!"

Nikataka kujibu. Mama akanishika mkono, ananionyesha palipovimba. Nikasema nitajibu sasa hivi. Ikaita tena, taratibu zaidi: "Moja!" Kisha kimya. Na mimi mjinga nikadhani kimya ni kazi inaendelea.

Nilipojinasua na kurudi, nikamkuta amesimama. Mizani mbele yake, chokoleti mia tatu imepimwa sawasawa, mikono imening'inia. Anatazama jiko la moto na mdomo umefunguka kidogo, uso umelainika kama wa mtoto anayebembelezwa. Na krimu inachemka. Haichemki pembeni, inachemka yote, inapanda na kushuka, imekuwa nzito, imeshaacha ukoko pande zote za sufuria. Mvuke umejaa chumba mpaka dirisha halionekani.

"Choko!" nikapiga ukelele. "Krimu inaungua!"

Akazinduka vibaya. Badala ya kuzima moto akafikiri, alinyakua sufuria, akaimwaga yote juu ya chokoleti ikitokota vile vile, na hakusubiri, akakoroga kwa nguvu. Nikaona kwa macho yangu. Ile chokoleti ilikataa. Ikawa chembechembe, nyeusi, kama mchanga uliolowa, na mafuta yakatoka juu, ya njano, yakaogelea kwenye bakuli peke yao.

Na hapo hapo nani amesimama mlangoni? Bi harusi. Nywele zimefungwa kwenye rola, kanga begani, uso umepakwa nusu. Ametoroka saluni apite aione keki yake. Akalitazama lile bakuli.

"Imeachana," akasema taratibu.

"Funga mdomo!" nikamwambia. "Siku ya harusi yako unatamka neno kama hilo?"

Akaanza kulia. Alilia bila kelele, rangi ya macho ikashuka mashavuni. Choko akaiweka sufuria chini. Akasogea mpaka ukutani, mgongo ukaegemea, nikaona anaenda. Nimemwona mtu huyu akiondoka mara nyingi, lakini siku ile alikuwa anaondoka kabisa. "Krimu hakujibu," akasema. "Niliita mara mbili. Hakujibu." Nilijua akitoka mle jikoni na lile bakuli likiwa vile, hatarudi tena. Keki itakosa michirizi, sawa, watu watakula. Lakini ndugu zangu nitakuwa nimewazika wote wawili.

Mimi si fundi. Mimi nikiogopa nafanya. Nikafungua friji, nikatoa kipande kizima cha siagi, nikajisemea kitu kikikosa mng'ao ukitie siagi king'ae. Nikashika kisu, nikaanza kukata juu ya bakuli.

"Dada!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Yule mtu wa upole aliruka kutoka ukutani, akanishika kifundo cha mkono mpaka kisu kikaanguka. "Mafuta juu ya mafuta? Wataka kuniua? Hakijakosa mafuta, mafuta ndiyo yamezidi! Kilichokosekana ni maji!"

"Maji gani? Chokoleti na maji wapi na wapi?"

"Maji ya krimu! Yamepaa! Hayo hapo!" Akanyoosha kidole kwenye dirisha lililojaa mvuke. "Umeona? Ndiyo hayo!"

Amefoka. Choko amenifokea mimi, dada yake niliyemkanda shingo, na nilitaka kumbusu.

Akaliweka bakuli kwenye mizani, akatoa uzito wa bakuli. "Ilitakiwa iwe mia sita," akasema, sasa anasema na mizani. "Mia tano na ishirini. Themanini zimekwenda hewani. Haikuwa moja kwa moja tena. Chokoleti imekuwa nyingi na krimu imekuwa mafuta matupu, hakuna cha kuyashikilia." Akamgeukia bi harusi. "Mama, njoo hapa. Unajua sisi tunaitaje ikigombana hivi?"

Bi harusi akatikisa kichwa, anafuta pua kwa kanga.

"Tunasema wamenuniana. Wakinuniana huwasukumi. Unatuma mshenga. Mshenga wetu ni maziwa, ya kawaida tu, yasiyo na mafuta mengi. Yapashe moto kidogo, yasichemke. Na mshenga haji na ukoo mzima, anakuja kijiko kwa kijiko."

Maziwa yakapashwa. Bakuli likaachwa kwanza lipoe, mpaka likawa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, maana alisema ikiwa ya moto sana mafuta hayakubali kushikwa. Gari likapiga honi nje. Nikatoka nikamwambia dereva azime injini na anyamaze, hapa kuna watu wanapatanishwa.

Niliporudi, bi harusi alikuwa amesimama upande wa jiko la moto na kikombe cha maziwa mkononi, na Choko upande wake, mwiko katikati ya bakuli.

"Kijiko," akasema.

Akatia. Choko akakoroga pale katikati tu, viduara vidogo, hakugusa pembeni. Ikawa mbaya zaidi! Mabonge mabonge. Nikafumba macho. "Kijiko," akasema tena, na sauti yake haikutikisika. Kijiko. Kingine. Nikafumbua jicho moja. Pale katikati palikuwa na doa dogo, upana wa sarafu, jeusi, lililolainika. Bi harusi akashusha pumzi. Kijiko. Doa likavuta lile la pembeni, likalimeza, mafuta yakaingia ndani yakapotea kama hayakuwahi kuwepo. Mvuke ulikuwa unatelemka kwenye kioo, mwanga unarudi kidogo kidogo, na huyu mtoto na rola zake kichwani anatia maziwa kwa mkono mwepesi, kiwiko amekibana mbavuni. Baba yake alikuwa akimimina hivyo hivyo. Hakufundishwa na mtu.

Kikombe kilipokaribia kuisha Choko akasema basi. Akaipima tena, mia sita kasoro kidogo. Akainua mwiko, ikaanguka utepe mrefu unaong'aa, ukakaa juu kidogo kisha ukazama.

"Bado," akasema nilipokimbilia friji. "Ikiwa moto itakimbia mpaka kwenye sahani." Akatia tone kwenye kidole, akagusisha mdomoni, akasubiri, akagusisha tena, mpaka mdomo ukawa hausikii moto wala baridi. Akachukua glasi iliyotoka kwenye friji, akaachia tone moja ubavuni. Likashuka, likapunguza mwendo, likasimama katikati.

Tukatoa keki. Akazunguka nayo na kijiko, anasukuma chokoleti kidogo ukingoni, inaanguka yenyewe, huku ndefu, huku fupi. Baadaye akamimina iliyobaki juu, akaisawazisha. Bi harusi akapanga vitonge. Kisha nikamtimua arudi saluni na uso wake wa nusu, nikambebesha dereva keki, nikamwambia ukipiga breki ya ghafla nitakutafuta mpaka kwenu.

Ukumbini walimkalisha Choko meza ya familia, karibu na wifi. Keki iko mbele, inang'aa chini ya taa, watu wanaipiga picha. Bi harusi aliingia ameshikwa mkono na mjomba wake, akasogea mpaka kwenye keki, akaikata. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, kipande mdomoni, akainama mezani kwetu.

"Hii keki ni ya nani jamani? Nimesikia ni ya mapacha fulani. Wako wapi niwape hongera?"

Nikafungua mdomo haraka nimjibu mimi. Nilijua jibu litakalotoka, kwamba mwenzangu katoka kidogo, anakuja, na wifi yangu amekaa pale pale, amevaa nguo aliyoshonea harusi ya mwanawe. Lakini Choko alikuwa ameshaweka uma chini.

"Tulikuwa wawili," akamwambia. "Mwenzangu ni marehemu. Hii nimeitengeneza mimi na binti yake."

Wifi akamshika mkono chini ya meza. Yule mama akasema pole, akasema na hongera, akaomba kipande kingine. Choko akainuka akaenda kumkatia. Mimi nikajitanda kanga, nikatoka nje nyuma ya ukumbi kwenye matenki ya maji, nikalia mpaka nikachoka.